Treni au lori? Toni nne za Kichina kwenye barabara ya Tunduma

Vitu viwili vikubwa hupita Tunduma kwenda Zambia. Kuna malori, ambayo foleni yake kuelekea Nakonde kila mkazi ameizoea, na kuna treni ya Tazara, ambayo reli yake ilijengwa na Wachina na Waafrika kati ya 1970 na 1975. Ukimtaka Mchina akuandikie majina ya vyombo hivyo kwa herufi za Kilatini bila alama yoyote juu, atakuandikia neno lilelile mara mbili: huoche, huoche. Konsonanti ni zilezile, irabu ni zilezile, idadi ya silabi ni ileile. Akiweka alama ndipo tofauti inaonekana. Treni ni huǒchē. Lori la mizigo ni huòchē.

Kwa wanaopenda kujua maana ya vipande, chē ni gari, huǒ ni moto na huò ni shehena. Treni kwa Wachina ni gari la moto, sawasawa na sisi tulioliita gari la moshi. Lakini wakala wa mizigo akiulizwa kwa simu shaba inakuja na nini, maana ya vipande haimsaidii. Kinachomsaidia ni sikio lake kukamata kilichotokea kwenye silabi ya kwanza, ambayo inapita kabla hujapepesa jicho.

Wanaojifunza Kichina kwa utaratibu hapa nchini wana Taasisi za Konfusio katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, zote mbili tangu 2013. Kijana wa Tunduma, Vwawa au Mlowo kwa kawaida ana simu na kitabu cha kurudufu. Kitabu hicho huanza na pinyin, na hapo ndipo wengi huanza kukosea. Wanasoma herufi na kuziruka alama, kama vile alama ni mapambo.

Pinyin ni utaratibu rasmi wa kuandika matamshi ya Kichina sanifu kwa herufi za Kilatini. Uliidhinishwa na Bunge la China Februari 1958, baada ya kazi ya kamati ambayo mtu wake anayetajwa zaidi ni Zhou Youguang, mchumi aliyegeukia lugha na kuishi hadi 2017, akiwa na umri wa miaka 111. Waliotunga pinyin hawakukusudia kumfundisha Mtanzania. Walitaka mtoto wa Kichina ajue namna ya kutamka maandishi yake ya asili. Kwa hiyo herufi zake zina tabia zake. Herufi d ya pinyin inakaribia t yetu isiyo na pumzi, na e ya chē si e ya Kiswahili hata kidogo: inatoka nyuma ya kinywa, midomo ikiwa imelegea. Hayo yana siku yake. Leo tushughulike na kile kinachokaa juu ya irabu.

Alama ni nne, na kila moja ni mchoro wa njia ambayo sauti inapita. Mstari wa kulala, kama ā, ni sauti ya juu inayobaki juu. Mstari unaopanda, á, ni sauti inayoanzia katikati na kupaa. Kibonde, ǎ, ni sauti inayozama chini. Mstari unaoshuka, à, ni sauti inayoanzia juu kabisa na kuporomoka. Mwanaisimu Yuen Ren Chao alipendekeza mwaka 1930 kuzipima toni kwa ngazi tano, 1 ikiwa chini na 5 ikiwa juu. Kwa kipimo hicho toni ya kwanza ni 55, ya pili 35, ya tatu 214 na ya nne 51. Ngazi hizo ni za sauti ya msemaji mwenyewe. Tano ya dereva mwenye sauti nzito inaweza kuwa chini ya moja ya mwanafunzi wa kike, na wote wawili wakawa sahihi. Anayejaribu kuiga sauti ya mwalimu ilivyo kimo, badala ya kuiga mwendo wake, atachoka koo bure.

Vitabu vingi huiacha hesabu hapo, na mwanafunzi anabaki na namba nne za kukariri. Ipo njia nyepesi ya kuzishika. Kila silabi unayoisikia iulize maswali mawili tu: imeanzia juu au chini? Imeishia juu au chini? Toni ya kwanza imeanzia juu, ikaishia juu. Ya pili imeanzia katikati, ambako hapa tunakuhesabu chini, ikaishia juu. Ya tatu imeanzia chini, ikaishia chini. Ya nne imeanzia juu, ikaishia chini. Majibu mawili kwa maswali mawili yanakupa toni nne, bila kubaki na bila kupungua.

Msomaji makini atanishika hapo kwenye ya tatu: si tumesema 214, inazama kisha inainuka? Ni kweli, ikitamkwa peke yake au mwishoni mwa kauli huweza kuinuka. Katikati ya mazungumzo mambo ni tofauti. Ikifuatwa na toni ya kwanza, ya pili au ya nne, ule mwinuko hukatwa, na kinachobaki ni sauti ya chini inayokaa chini, wakati mwingine ikikwaruza kooni. Kile kibonde kilichochorwa vizuri kitabuni utakisikia zaidi darasani kuliko barabarani. Anayejifunza toni ya tatu kwa kuibembeza chini na juu kila mara atakuja kuichanganya na ya pili, kwa sababu zote mbili kwake zitakuwa zinapanda.

Sasa turudi kwenye huǒchē, maana neno hili lina mtego wake maalumu kwa mtu wa Kiswahili. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo, na mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema barabara, sema Tunduma, sema gari: silabi ya kabla ya mwisho inainuka na ya mwisho inashuka. Tumefanya hivyo tangu utotoni, wala hatujisikii tukifanya. Mpe Mswahili neno la silabi mbili la lugha yoyote, atalisoma kwa wimbo huohuo. Akiliona huǒchē atainua huo na kuangusha che. Silabi inayoinuliwa kisha ikaporomoka ni toni ya nne. Amekusudia treni, ametamka lori, na che ya mwisho nayo ameiharibu kwa kuishusha wakati ilitakiwa ikae juu.

Kosa hilohilo linaonekana kwenye kahawa, ambayo Mbozi inaijua vizuri. Kwa Kichina ni kāfēi, toni ya kwanza mara mbili. Sauti inatakiwa kwenda sawa kama reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengi wetu tunaipandisha kā na kuishusha fēi. Kipimo cha haraka ni kulivumisha neno puani bila kufungua mdomo. Kama mvumo wako una kilima, bado unasema Kiswahili.

Watu wa Tunduma wenyewe wana akiba ambayo hawaihesabu. Kinyamwanga, lugha ya wenyeji wa pande zote mbili za mpaka, ni lugha ya toni. Imeandikiwa hata uchunguzi wa kitaalamu: Lee Bickmore alichapisha mwaka 2000, katika jarida la fonolojia, makala kuhusu namna toni za juu za Kinyamwanga zinavyoungana na kushushwa ngazi. Mtu aliyekua akizungumza lugha hiyo kwa bibi yake ameshazoea kwamba kimo cha sauti ni sehemu ya kauli, si hisia tu. Asitegemee kupata kila kitu bure, lakini. Toni za Kibantu kwa kawaida ni za ngazi, juu na chini, zikigawanywa kwenye silabi mbalimbali za neno. Kichina kinabana safari nzima ya juu kwenda chini ndani ya silabi moja. Ndiyo maana napenda yale maswali mawili: yanamruhusu mwenye sikio la juu na chini kulitumia sikio hilohilo mara mbili kwenye silabi moja.

Tuingie kwenye mazoezi. Kwanza ni kusikia. Kusema kutafuata. Tafuta rekodi za watu wanaozungumza Kichina sanifu, na usitosheke na sauti ya mtu mmoja. Mwaka 1999 Yue Wang na wenzake watatu walichapisha matokeo ya kuwafundisha Wamarekani kutambua toni kwa kusikiliza tu, vipindi vinane ndani ya wiki mbili, kwa maneno halisi ya wasemaji tofauti. Uwezo wao wa kutambua ulipanda kwa asilimia 21, na walipopimwa tena baada ya miezi sita ulikuwa haujapotea. Anayesikiliza sauti moja tu hujifunza sauti ya mtu huyo. Akija mwingine, anaanza upya.

Zoezi lenyewe liko kwenye neno chē. Kwa kuwa chē ni toni ya kwanza, juu na tambarare, litumie kama rula. Weka mbele yake silabi za toni mbalimbali, na kila mara upime silabi ya kwanza kwa kuilinganisha na chē inayofuata. Kichina kimetupa maneno ya kutosha kwa kazi hiyo, na yote ni ya barabarani. Kāichē ni kuendesha gari, toni ya kwanza. Tíngchē ni kuegesha, toni ya pili. Huǒchē, treni, ni ya tatu. Huòchē, lori, ni ya nne.

Sikiliza kinachotokea. Kwenye kāichē silabi mbili ziko kimo kimoja, hakuna kupanda wala kushuka. Kwenye tíngchē ya kwanza inapanda hadi kuikuta chē huko juu, kama mtu anayeingia sebuleni kwa ngazi. Kwenye huǒchē ya kwanza iko chini, halafu sauti inaruka ghafla kwenda chē. Huo mruko ndio utambulisho wa treni. Kwenye huòchē silabi zote mbili zinaanzia juu, ila ya kwanza inaporomoka na sauti inalazimika kupandishwa upya. Ukishayasikia hayo manne, ongeza dǔchē, toni ya tatu, lenye maana ya foleni ya magari. Lina mruko uleule wa treni. Kwa Tunduma ni neno la kila siku.

Niliwaona vijana wawili wakilifanya zoezi hili nje ya kibanda cha kuuza laini za simu, mmoja akiwa wakala wa mizigo na mwingine mwenye kibanda. Mwenye kibanda alishika simu na kucheza rekodi bila kuonyesha kioo. Wakala alikuwa na karatasi ya daftari, na juu yake hakuandika hata herufi moja. Alichora alama tu: mstari wa kulala, wa kupanda, kibonde, wa kushuka. Maneno 20, kisha wakasahihisha.

“Kaka, hii ulisema lori.”

“Ni lori hiyo, mwana. Rudisha.”

Ikarudishwa. Ilikuwa treni. Alichofanya wakala baadaye ndicho kilichonivutia. Hakuhesabu amekosa mangapi. Alichora jedwali dogo, safu nne kwa nne: toni iliyochezwa upande wa kushoto, toni aliyoiandika juu, na akaweka nukta kwa kila jibu. Nukta zilizokaa nje ya mstari wa mshazari ndizo makosa, na nyingi zilirundikana mahali pamoja, pale ambapo ya tatu imeandikwa ya nne.

Rundo hilo lina maana, ukilisoma kwa yale maswali mawili. Toni ya tatu na ya nne zote zinaishia chini. Zinatofautiana mwanzoni tu. Anayezichanganya anasikia mwisho wa silabi na kuukosa mwanzo wake. Dawa yake ni kusikiliza tena huǒchē na huòchē akijiuliza swali la kwanza peke yake, imeanzia juu au chini, na kulisahau la pili. Anayechanganya ya kwanza na ya pili ana ugonjwa uleule, maana hizo nazo zina mwisho mmoja. Kinyume chake, anayechanganya ya kwanza na ya nne ameukamata mwanzo na kuupoteza mwisho, na vivyo hivyo anayechanganya ya pili na ya tatu. Kama nukta zimetapakaa kila mahali, hasa ya kwanza ikiandikwa ya tatu au ya pili ikiandikwa ya nne, hapo hakuna ugonjwa wa kutibu. Mtu anabahatisha, na arudi kwenye silabi moja moja.

Zoezi la pili ni jina la nchi yetu. Wachina wanaiita Tǎnsāngníyà, na kwa bahati njema ya wanafunzi wote wa hapa, jina hilo lina toni zote nne, kila moja mara moja: ya tatu, ya kwanza, ya pili, ya nne. Chini, juu, kupanda, kuporomoka. Sisi tayari tunainua i ya Tanzania na kuishusha a ya mwisho, kwa hiyo níyà inatujia karibu sawa. Kazi iko mwanzoni. Tǎn ianze chini kabisa, sāng iruke juu na kukaa. Zambia ni Zànbǐyà, na ile reli ni Tǎn-Zàn Tiělù, ambayo ukiisikiliza ni mwendo mmoja unaojirudia: tatu na nne, tatu na nne. Jina hilo limekuwa likitajwa sana tangu Septemba 2024, pale makubaliano ya kuifufua reli yaliposainiwa Beijing mbele ya marais wa nchi tatu.

Mambo machache ya kuandika yanasumbua, niyapitie upesi. Alama hukaa juu ya irabu gani zikiwa zaidi ya moja? Kukiwa na a au e, huko ndiko inakokaa, kama kāi na tiě. Kukiwa na ou, inakaa kwenye o. Vinginevyo inakaa kwenye irabu ya mwisho, ndiyo maana huǒ ina alama kwenye o. Silabi isiyo na alama kabisa haikusahauliwa. Ni toni hafifu, inayotamkwa fupi bila nguvu, kama ma ya kuulizia. Kwenye ujumbe wa simu, ambako alama ni taabu kuzipata, watu huandika namba: `huo3che1` kwa treni, `huo4che1` kwa lori. Ni halali na inaeleweka. Na ukikuta toni mbili za tatu zimefuatana, ya kwanza husomwa kama ya pili, ingawa alama haibadiliki: nǐ hǎo huandikwa hivyo, husomwa ní hǎo. Kwenye jedwali la mazoezi usijihesabie kosa hapo.

Hiyo ma ya kuulizia niitolee neno zaidi, kwa sababu soko la mpakani ni kununua na kuuza. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài. Kiswahili kinauliza kwa kiimbo: unauza? Tunapandisha sauti mwishoni na swali limekamilika. Ukiifanyia hivyo mài, umeifuta toni ya nne na kuweka ya pili, na mái ni kufukia ardhini. Mfanyabiashara wa vitenge ameuliza kama mwenzake anafukia. Mchina anaiacha mài iporomoke kama kawaida na swali analibebesha ma: nǐ mài ma?

Umeshafanya yote hayo, nukta zako zimekaa kwenye mshazari, halafu unakwenda kwenye kambi ya ujenzi wa barabara na husikii unachokitegemea. Inawezekana sana hukukosea. Kichina kilichoko kwenye rekodi ni kile sanifu, na watu wengi wamekua na lahaja za nyumbani kwao. Mtu wa Chengdu, mkoani Sichuan, akizungumza lahaja yake huishusha toni ya tatu kutoka juu, na ya nne huizamisha na kuiinua. Kwake kununua kunaporomoka na kuuza kunazama, kinyume cha ulichojifunza, na huǒ yake ya treni itaingia sikioni mwako kama huò ya lori. Hata akijitahidi kuzungumza sanifu, mabaki hubaki.

Kabla ya kuzungumzia bei, basi, mwombe ahesabu kumi, kwa utani tu. Sikiliza nne na tano, sì na wǔ. Nne ikiporomoka na tano ikakaa chini, endelea na sikio ulilonalo. Nne ikizama na kuinuka, tano ikaporomoka, badilisha nafasi za alama hizo mbili kichwani mwako, kisha msubiri afike kumi. Shí yake nayo ikishuka badala ya kupanda, huyo ni mtu wa kusini magharibi, na namba za bei mwandikie kwenye kikokotoo.